Mhadhiri Anapougua: Tangazo la Kuahirisha Muhadhara na Deni la Kipindi

Mhadhiri anapopandwa na homa usiku wa kuamkia siku ya muhadhara, kazi ya kuwaarifu wanafunzi huonekana nyepesi. Anachukua simu, anamwandikia kiongozi wa darasa: "Kesho hakuna kipindi, naumwa. Tutafidia." Kiongozi anausambaza ujumbe kwenye makundi ya darasa, wanafunzi wanajibu "Pole sana Dokta", na mambo yanaonekana yamekwisha.

Kwa kweli ndiyo kwanza yameanza. Mhadhiri huyo huenda anafundisha kozi tatu, na ujumbe haukutaja ni ipi. "Kesho" ya aliyeandika saa 5 usiku ni "leo" ya anayeusoma alfajiri akiwa kituoni. Kubwa zaidi ni lile neno la mwisho. Tutafidia lini, wapi, na nani atakayeweza kufika? Mihadhara mingi ya vyuo vyetu hupotea hapo. Aghalabu mhadhiri hakukusudia kukwepa. Aliahidi kipindi bila kukitafutia saa, wiki zikasonga, na mada ikaja kurundikwa siku ya marudio kabla ya mtihani.

Makala haya yanafuatilia tangazo moja la aina hiyo tangu homa inapoanza hadi kipindi kinapofundishwa. Mfano ni wa kutungwa, lakini kila kikwazo kilichomo ni cha kawaida katika chuo kikuu cha Dar es Salaam chenye darasa kubwa. Nia ni kuonyesha kwamba kuahirisha ni jambo la mstari mmoja, ilhali kufidia darasa zima kunahitaji hesabu, na hesabu hiyo ifanyike kabla tangazo halijaandikwa.

Darasa lenyewe

Tuchukue kozi ya utangulizi wa takwimu, mwaka wa pili, muhula wa pili. Ina wanafunzi 240: 110 wa Sosholojia, 66 wa Sayansi ya Siasa, 58 wa Uchumi, na 6 wa mwaka wa tatu wanaoirudia baada ya kushindwa mwaka uliopita. Muhadhara ni kila Jumanne, saa 4:00 hadi saa 6:00 mchana. Wiki ni ya tisa kati ya 15. Jumanne ya tarehe 12 Mei 2026 ilipangwa ifundishwe mada ya uwiano, yaani namna ya kupima kama vitu viwili huongezeka au kupungua pamoja. Jumanne ya tarehe 19 inafuata mada inayotumia hesabu zilezile kubashiri. Jaribio ni tarehe 26.

Ni muhimu kutambua kilichopotea. Nchini Tanzania, Tume ya Vyuo Vikuu huhesabu uzito wa kozi kwa krediti, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Kozi ya krediti 12, kwa hiyo, ni saa 120, zikijumlisha mihadhara, semina, mazoezi na kujisomea. Katika kozi yetu mihadhara ni saa 30 kati ya hizo. Saa mbili zilizopotea ni sehemu ndogo ya jumla, na ndiyo maana ni rahisi kusema "someni wenyewe kwenye kitini".

Kwa baadhi ya mada ushauri huo unatosha. Kama muhadhara uliopotea ni wa historia ya taaluma, mwanafunzi akisoma kurasa 20 hajapungukiwa sana. Lakini mada ya uwiano ni ya kukokotoa. Mwanafunzi anahitaji kuona hatua zikiandikwa ubaoni moja baada ya nyingine, kisha afanye na yeye, akosee, arekebishwe. Tena mada ya wiki inayofuata imeegemea hiyo. Swali la kwanza la mhadhiri mgonjwa, basi, ni hili: je, mada inayofuata inasimama bila hii? Kama haisimami, kipindi cha kufidia lazima kiingie kabla yake, si wakati wowote tu kabla ya muhula kwisha.

Jibu la swali hilo ndilo linalompa mhadhiri wetu mipaka ya siku. Anatakiwa afidie kabla ya Jumanne tarehe 19.

Tangazo la kwanza

Mhadhiri anaamka Jumanne na kwenda hospitali. Daktari anampima, anampa dawa na kumwandikia ED ya siku tatu, ile karatasi ya kumpumzisha mfanyakazi kazini: tarehe 12, 13 na 14 Mei. Mtu wa kwanza kuarifiwa ni mkuu wa idara, na karatasi hiyo huenda kwake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, alimradi alete cheti cha daktari. Mhadhiri haombi fadhila anapolala kitandani. Ila haki ya kupumzika haifuti haki ya darasa kufundishwa, na kwa sababu hiyo idara lazima ijue mapema.

Wanafunzi nao wanatakiwa kujua kabla hawajatoka. Anayeishi hosteli za Mabibo na kusoma Mlimani, au aliyepanga chumba Kimara au Mbagala, huondoka saa moja au mbili kabla ya kipindi. Tangazo likitoka saa 3:30 asubuhi kwa muhadhara wa saa 4:00, nauli imekwisha kulipwa. Kwa hiyo mwenye homa kali usiku asisubiri asubuhi aone kama itashuka. Ni nafuu kuahirisha usiku kwa uhakika kuliko kuwaweka watu 240 katika kubahatisha.

Wakati huo saa ya kufidia bado haijapatikana, na si vizuri kuibuni. Tangazo la kwanza linafanya mambo mawili tu. Linaeleza kipindi gani hakipo, na linataja saa ambayo tangazo la pili litatoka. Kwa mfano:

> Muhadhara wa Utangulizi wa Takwimu (mwaka wa pili) wa Jumanne, tarehe 12 Mei 2026, saa 4:00 asubuhi hadi saa 6:00 mchana, umeahirishwa kwa sababu za kiafya. Semina za wiki hii zinaendelea kama kawaida. Siku na ukumbi wa kipindi cha kufidia vitatangazwa Jumatano, tarehe 13 Mei, kabla ya saa 10:00 jioni.

Sentensi ya semina isirukwe. Mwanafunzi anayesikia "mwalimu anaumwa" hudhani kozi nzima imesimama, na mhadhiri msaidizi anayeendesha semina huja kukuta viti vitupu.

Na maneno "kwa sababu za kiafya" yanatosha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na mhadhiri ana faragha kama mtu yeyote. Upo pia ubaya wa kawaida wa kueleza mno. Ukitaja ugonjwa, hospitali na wodi, jioni utapokea ujumbe wa viongozi watatu wanaochangisha darasa nauli na matunda ya kukujulia hali. Huo ni wema mkubwa, lakini mgonjwa wa siku tatu anahitaji usingizi.

Ugonjwa wa kuambukiza ndio wenye utaratibu wa peke yake. Januari 2024, macho mekundu yaliposambaa Dar es Salaam, aliyeugua alikuwa ameketi chumba kimoja na wenzake siku moja au mbili kabla. Katika hali kama hiyo mhadhiri huarifu kituo cha afya cha chuo, nacho ndicho kinachotoa ushauri kwa darasa. Tangazo la ratiba libaki la ratiba.

Kuitafuta saa ya watu wote

Njia inayotumika zaidi ni kupiga kura kwenye kundi la darasa: "Ijumaa jioni au Jumamosi asubuhi?" Ina kasoro moja kubwa. Kura huonyesha wengi wanapenda nini, wala haionyeshi nani hawezi. Watu 130 wakichagua Jumamosi, saa hiyo imeshinda, hata kama 30 wana muhadhara mwingine au wako ibadani. Hao 30 hawajakataa kuja. Darasa limewapigia kura ya kuwaacha nje.

Kazi inayotakiwa ni ya kuondoa. Mhadhiri anamwomba kila kiongozi wa programu, CR kama wanavyowaita wanafunzi, amtumie saa ambazo wenzake wana vipindi, kisha anafuta zote. Kinachobaki ndicho cha kuzungumziwa. Ujumbe wa kiongozi wa Sosholojia unakuja hivi: "Shikamoo Mwalimu, pole sana na Mungu akujalie afya. Sisi Ijumaa tumebanwa hadi saa 10 jioni, Jumatatu kuanzia saa 3 asubuhi. Semina za hiari sijaziweka, naomba nifuatilie." Hiyo sentensi ya mwisho ni ya kiongozi anayejua kazi yake. Ratiba ya programu huonyesha kozi za lazima, lakini wanafunzi wa programu moja huchagua kozi za hiari tofauti. Bila kuwauliza, mgongano hauonekani mpaka siku yenyewe.

ED inakwisha Alhamisi, na mada inayofuata ni Jumanne. Zinabaki Ijumaa tarehe 15, Jumamosi, Jumapili na Jumatatu tarehe 18. Tuzipitie.

Ijumaa asubuhi programu zote tatu zina vipindi. Saa 6 hadi saa 8 mchana ni wakati wa sala ya Ijumaa, haugusiki. Saa 8 hadi saa 10 Uchumi wana muhadhara. Saa 10 hadi saa 12 jioni ratiba zote ni tupu, na mhadhiri mwenye haraka angeishia hapo. Lakini Sabato ya Waadventista huanza jua linapozama Ijumaa, na Dar es Salaam katikati ya Mei jua huzama robo saa hivi baada ya saa 12. Msabato anayetoka ukumbini saa 12 kamili ataingiliwa na Sabato akiwa garini. Itambidi aondoke saa 11, yaani apate nusu ya muhadhara. Jumamosi ni hiyohiyo Sabato. Jumapili Wakristo wengine wako kanisani, kumbi nyingi zimefungwa, na wanafunzi wanaofanya kazi za mwisho wa wiki hawapo.

Jumatatu jioni, saa 10 hadi saa 12, Sayansi ya Siasa wana semina. Inabaki Jumatatu saa 1 hadi saa 3 asubuhi, ambapo programu zote tatu ziko huru.

Saa hiyo ina gharama yake. Anayetoka Mbagala ataamka saa 10 alfajiri. Lakini vipindi vya kawaida vya chuo navyo huanza saa 1 asubuhi, kwa hiyo safari hiyo wanaijua, na ni safari ya kuelekea mchana. Kipindi cha saa 12 hadi saa 2 usiku, ambacho baadhi ya walimu hukipenda kwa sababu kila mtu yuko huru, kinawarudisha wasichana mitaani gizani. Tofauti hiyo ni nzito kuliko usingizi.

Wanabaki wale sita wanaorudia kozi. Wao wana ratiba ya mwaka wa tatu, na mara nyingi hawamo hata kwenye kundi la darasa. Mhadhiri anawatafuta kupitia orodha ya usajili. Wanne wako huru, wawili wana muhadhara wa lazima saa hiyohiyo. Hapa ndipo "darasa zima" linapofika ukomo wake. Hakuna saa katika siku nne hizi inayowafaa wote 240, na kuendelea kuitafuta kungeivusha mada tarehe 19. Kinachowezekana ni kuwataja wawili hao katika mpango: mhadhiri msaidizi atawafundisha mada hiyo siku hiyohiyo ya Jumatatu alasiri. Mwanafunzi asiyeweza kufika akiwekewa utaratibu kabla ya tangazo kutoka, hajaachwa nje.

Kura bado ina nafasi yake. Kama zingebaki saa mbili zisizogongana na chochote, darasa lingechagua wanayoipenda. Kura ichague kati ya saa ambazo kila mtu anaweza kufika.

Ukumbi na siku ya akiba

Saa ikipatikana bila ukumbi, haijapatikana. Wanafunzi 240 hawaingii chumba cha viti 120, hata kwa kusimama, kwa sababu somo hili ni la kuandika. Mhadhiri au idara huwasiliana na ofisi inayoshughulikia ratiba, na kupata jibu la maandishi kwamba ukumbi fulani uko wazi tarehe fulani, saa fulani. Kuchungulia ukumbi leo ukaukuta mtupu si ushahidi wa Jumatatu. Wengine wanaofidia vipindi vyao wanauchungulia huohuo, na waliouandikisha ndio wanaobaki ndani.

Kisha mhadhiri ajiulize swali ambalo wagonjwa hulisahau: je, Jumatatu nikiwa bado sijapona? Kipindi cha kufidia kikiahirishwa nacho, darasa hupoteza imani, na mara ya tatu huja nusu yake. Dawa ni kuweka siku ya akiba ndani ya tangazo lilelile. Katika mfano wetu, Jumatatu ikishindikana, mada ya uwiano itafundishwa Jumanne tarehe 19 katika kipindi cha kawaida, na mada iliyopangwa Jumanne itasogea hadi Jumatano tarehe 20, saa 10 hadi saa 12 jioni, baada ya kuhakikisha kuwa saa hiyo pia haina mgongano. Mpangilio wa mada unabaki uleule, na jaribio la tarehe 26 haliguswi.

Saa zinavyopotea njiani

Ratiba za vyuo vyetu huchapwa kwa saa 24. Kipindi cha Jumatatu kinasomeka 07:00–09:00. Wanafunzi wanazungumza kwa saa za Kiswahili, na kipindi hichohicho ni saa 1 hadi saa 3 asubuhi. Mtu hubadilisha kichwani bila kufikiri, mpaka siku anapoandika kwa haraka.

Kosa hutokea hivi. Mhadhiri anamwandikia kiongozi: "Monday 7-9". Kiongozi anatafsiri kwa ajili ya kundi: "Jumatatu saa 7-9." Hakuandika asubuhi wala mchana. Anayesoma anaelewa saa 7 mchana hadi saa 9 alasiri, yaani 13:00–15:00, na kwa kuwa hiyo ni saa ya kawaida kabisa ya muhadhara, hashtuki wala haulizi. Jumatatu asubuhi mhadhiri anakuta watu 70. Mchana watu 150 wanakaa mbele ya ukumbi wenye darasa lingine.

Saa za hatari zaidi ni zile ambazo tafsiri zote mbili zinaangukia mchana wa kazi: 7, 8, 9 na 10. Ukisema "saa 4" bila neno lolote, watu wataelewa asubuhi, maana hakuna kipindi saa 4 usiku. Lakini 8:00 yaweza kuwa saa 2 asubuhi kwenye ratiba, au saa 8 mchana mdomoni. Kinga ni kuandika zote mbili katika mstari mmoja, na kutaja sehemu ya siku mwanzoni na mwishoni.

Tarehe nayo ina mtego wake. "Jumatatu ijayo" ikiandikwa Jumanne ina siku moja tu inayoeleweka. Ikisambazwa upya Jumapili, mwingine ataihesabu kuwa ya wiki inayofuata. Taja siku na tarehe pamoja. Zinalindana: kama umekosea tarehe, jina la siku litamfanya msomaji aulize.

Tangazo la pili

Baada ya hesabu yote hiyo, tangazo lenyewe linakuwa fupi:

> KIPINDI CHA KUFIDIA: UTANGULIZI WA TAKWIMU, MWAKA WA PILI
>
> Limetolewa Jumatano, tarehe 13 Mei 2026
>
> Muhadhara ulioahirishwa tarehe 12 Mei utafanyika:
>
> Siku: Jumatatu, tarehe 18 Mei 2026
> Saa: saa 1:00 asubuhi hadi saa 3:00 asubuhi (07:00–09:00 kwa saa za ratiba)
> Mahali: Ukumbi B, umethibitishwa na ofisi ya ratiba
> Mada: Uwiano. Njooni na kikokotoo na daftari la mazoezi.
>
> Kipindi ni cha programu zote tatu pamoja na wanaorudia kozi. Muhadhara wa Jumanne, tarehe 19 Mei, uko palepale. Hakutakuwa na zoezi la alama katika kipindi cha kufidia.
>
> Mwenye kipindi kingine cha lazima saa hiyo amwandikie mhadhiri kabla ya Ijumaa, tarehe 15 Mei, saa 10:00 jioni. Atapangiwa kipindi Jumatatu alasiri.
>
> Ikiwa Jumatatu haitawezekana, tangazo litatoka kabla ya saa 2:00 usiku Jumapili, tarehe 17 Mei. Hapo mada ya uwiano itafundishwa Jumanne, tarehe 19, saa ya kawaida, na mada ya Jumanne itafundishwa Jumatano, tarehe 20 Mei, saa 10:00 hadi saa 12:00 jioni (16:00–18:00), Ukumbi B.
>
> Mhadhiri wa kozi
> Nakala: Mkuu wa Idara; mhadhiri msaidizi; viongozi wa programu

Kila mstari una sababu. Tarehe ya kutolewa inamsaidia anayekutana na matangazo mawili ajue lipi ni jipya. "Uko palepale" inazuia dhana kwamba Jumatatu imechukua nafasi ya Jumanne, dhana inayotokea kila mara kipindi cha kufidia kinapokaribiana na cha kawaida. Na mstari wa zoezi la alama ni suala la haki. Kipindi kilichopangwa nje ya ratiba kisigeuzwe mtego wa kumpunguzia alama aliyekuwa na udhuru. Kwa sababu hiyohiyo, chuo kinachohesabu mahudhurio kimhesabie aliyehudhuria kile cha alasiri kama aliyehudhuria cha asubuhi.

Sasa tangazo lisafiri bila kubadilishwa. Linawekwa kwenye ukurasa wa kozi katika mfumo wa masomo wa chuo, linabandikwa kwenye ubao wa idara na kwenye mlango wa ukumbi wa Jumanne, na viongozi wanapewa maandishi yaleyale wayanakili yote. Wasifupishe. Anayefupisha hupunguza asubuhi, hupunguza tarehe, hupunguza siku ya akiba. Karatasi ya mlangoni inawafaa walioishiwa bando na wale ambao hawamo kwenye kundi. Maandishi ya kwenye mfumo wa chuo yanazuia uzushi: mtu akileta "tangazo" kwamba kipindi kimefutwa, kuna mahali pamoja pa kuhakikisha.

Kiongozi wa kila programu naye ana kazi moja ya mwisho. Asitosheke na kuona ujumbe umesomwa. Awaulize watu watatu wanne ana kwa ana: "Jumatatu tunaingia saa ngapi?" Wakijibu tofauti, tangazo lina tundu, na bado kuna muda wa kuliziba.

Siku yenyewe

Jumatatu saa 1 asubuhi mhadhiri anafundisha mada moja tu. Kishawishi ni kubana mambo ya wiki mbili kwa kuwa watu wamepatikana, lakini darasa litakaa tena ukumbini kesho yake, na halitakuwa limepata muda wa kufanya mazoezi. Afadhali dakika 20 za mwisho wanafunzi wakokotoe wenyewe mfano mmoja, wenye jozi tano za namba, mhadhiri akipita kati ya viti. Hapo ndipo anapojua kama fidia imefidia.

Karatasi ya mahudhurio isainiwe kwa programu, kisha isomwe kwa programu. Jumla ya 190 kati ya 240 inaonekana nzuri. Lakini ikiwa Sosholojia wamekuja 101, Siasa 60, Uchumi 25 na wanaorudia 4, huo si uvivu. Zaidi ya nusu ya programu moja haikosi kipindi kwa bahati mbaya. Ama ujumbe haukuwafikia, ama kuna kozi ya hiari ambayo kiongozi wao hakuitaja. Kumuuliza kiongozi huyo siku hiyohiyo kunaokoa mambo, kwa sababu kipindi cha alasiri cha wale wawili bado kipo, na kinaweza kuwapokea wengine 33.

Utaratibu huu wote unafaa ugonjwa wa siku chache. Homa ikigeuka kulazwa, au ED ikaongezwa hadi wiki mbili, kuendelea kutangaza vipindi vya kufidia ni kuwadanganya wanafunzi na kumdhulumu mgonjwa. Mihadhara kadhaa ya saa mbili haipati nafasi katika ratiba iliyojaa, na mtu aliyetoka hospitali hawezi kufundisha mara mbili ya kawaida. Hapo deni linahama kutoka kwa mhadhiri kwenda kwa idara. Mkuu wa idara anampa mwenzake kozi, anamkabidhi mpango wa mada na alama zilizokwisha kutolewa, na tangazo linalofuata linatoka kwa jina la idara.

Wahenga walisema dawa ya deni kulipa. Kipindi kilichoahirishwa kimelipwa pale tu kila aliyesajiliwa amefundishwa mada ile kabla ya kuhitajika kuitumia. Mhadhiri aliyepona ana njia rahisi ya kulipima hilo: Jumanne, kabla ya kuanza mada mpya, achukue orodha ya usajili ya majina 240 na kuiweka kando ya karatasi mbili za mahudhurio, ya asubuhi na ya alasiri. Majina yasiyoonekana popote ndiyo deni lililobaki, na wenye majina hayo waitwe semina ya wiki hiyo, kabla ya jaribio la tarehe 26.